Kutoka "Ninakukumbuka" hadi "Anamkumbuka": Historia ya Kuhawilisha Mawazo ya Ndani ya Hadithi Fupi katika Filamu za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo linalomkabili mwandishi wa skripti anapohawilisha hadithi fupi ambayo uzito wake umo katika mawazo ya mhusika, si katika matendo yake. Historia inaanzia Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935, ambako sauti ya mfafanuzi ilipewa kazi ya kusema yale ambayo picha haikuyasema. Inaishia Nairobi mwaka 2018, katika filamu ya Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko iitwayo Jambula Tree. Makala yanadai kwamba kinachopotea katika uhawilishaji wa aina hii si habari ya kile anachowaza mhusika, bali uhusiano wa anayewaza na yule anayewaziwa. Yanaonyesha pia kwamba wazo likishatolewa moyoni na kugeuzwa tendo la kuonekana, linaingia katika mamlaka ya watu wengine, ikiwemo dola.

1. Utangulizi

Hadithi fupi inaweza kukaa moyoni mwa mtu mmoja kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Msimulizi huketi barazani, anasikia habari, anakumbuka, analaumu, anasamehe, na hadithi inakwisha kabla hajanyanyuka. Kwa msomaji huo ni mwendo kamili. Kwa mwandishi wa skripti ni mtu mmoja aliyeketi barazani. Kamera itamwona ameketi, itauona uso wake na kivuli cha paa, lakini haitayaona mawazo yake.

Wahakiki wa fasihi wamezoea kulieleza tatizo hili kwa kusema kwamba maandishi huingia ndani na picha hubaki nje. Kauli hiyo ni kweli, ila haimsaidii mwandishi anayelazimika kuamua nini kiandikwe katika ukurasa wa kwanza wa skripti. Haielezi pia kwa nini baadhi ya filamu zinazomfanya mhusika aseme kila anachokiwaza humwacha mtazamaji baridi, ilhali nyingine zisizosema neno humfanya aamini kwamba ameujua moyo wa mtu. Ili kulijibu swali hilo, makala yanafuata suala moja katika historia ya filamu za Afrika Mashariki: ni nani aliyepewa kazi ya kulisema wazo la mhusika, na alilisema kwa nani.

2. Sauti kando ya picha: Vugiri, 1935–1937

Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa majaribio ya sinema ya kuelimisha uliojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment. Uliasisiwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kupitia J. Merle Davis, kwa fedha zilizotoka hasa kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Meja L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa shamba la mkonge Afrika Mashariki, alisimamia upigaji picha, na G. C. Latham alisimamia upande wa elimu. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 mradi ulikuwa umetengeneza filamu 35. Nyingi hazipo tena. Zilizosalia ni chache mno, na nyingine zinajulikana kwa maelezo ya Notcutt na Latham katika kitabu walichokichapisha mwaka huo wa 1937.

Filamu hizo zilipigwa katika mkanda wa milimita 16 usio na sauti. Sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za maeneo ambayo gari la maonyesho lilipita, kuanzia Tanganyika, Kenya na Uganda hadi Nyasaland na Rodeshia ya Kaskazini. Utaratibu huo ulikuwa na sababu ya wazi ya kiuchumi: picha moja iliweza kutumika kwa wasikilizaji wa lugha nyingi, kwa kubadilisha sahani tu. Athari yake katika usimulizi, hata hivyo, ilikuwa kubwa. Sahani na mkanda havikushikamana daima, na mwendo wa midomo ya waigizaji haungeweza kulinganishwa kwa uhakika na maneno. Kwa hiyo mzigo wa maana uliangukia sauti ya mfafanuzi. Yeye ndiye aliyewaambia watazamaji mtu huyu ni nani, anataka nini na anaogopa nini.

Filamu kuhusu Benki ya Akiba ya Posta inaonyesha jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anazifukia fedha zake chini, nyumbani kwake, na mwizi anamwona. Mwingine anaziweka posta. Kisa hiki kina wazo la ndani, yaani hofu ya mtu anayeficha mali yake na tamaa ya mtu anayemchungulia. Lakini hofu na tamaa hizo zimeshageuzwa matendo kabla mfafanuzi hajafungua kinywa: mtu anachimba, mtu anachungulia, mtu anachimbua. Hata sahani ikikwama, kisa kinaeleweka. Mfafanuzi anaongeza funzo tu.

Hapa pana somo la kwanza la historia hii, na linasahaulika kwa urahisi. Sauti kando ya picha haikuwa mbaya kwa sababu tu ilikuwa sauti. Ilikuwa dhaifu pale iliporudia tendo ambalo jicho limekwisha kuliona, na ilikuwa ya hatari pale ilipomsemea mhusika kwa mamlaka ambayo si yake. Mhusika wa Vugiri hakuwahi kusema "mimi". Alisemwa. Wazo lake lilifika kwa mtazamaji likiwa limeshahukumiwa kuwa la busara au la upumbavu.

Mazoea ya sauti kando ya picha hayakuisha na ukoloni. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia upya filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Kampala nako walitokea wasimulizi waliofanya kazi hiyo hiyo kwa Kiluganda. Hao walikuwa na uhuru ambao mfafanuzi wa Vugiri hakuwa nao: walitania, waliongeza methali, walimpa mhusika mawazo ambayo mwandishi wa filamu hakuyawazia kamwe. Hata hivyo, kwa upande wa umbo walikaa palepale. Kati ya mhusika na hadhira alisimama mtu wa tatu anayeujua moyo wa mhusika kuliko mhusika mwenyewe.

3. Kiambishi kinachopotea

Ili kuona ni nini hasa kinachodondoka njiani, inafaa kuanza na sarufi. Katika Kiswahili, neno moja "ninakukumbuka" lina watu wawili ndani yake. Kiambishi "ni-" ni anayewaza na kiambishi "-ku-" ni anayewaziwa. Mnenaji hawezi kuitamka kauli hiyo bila kumweka mwenziwe ndani ya kitenzi. Hadithi fupi inayosimuliwa na nafsi ya kwanza kwa nafsi ya pili hujengwa yote juu ya kiungo hicho kidogo. Kila tukio, hata la kufua nguo au kuteka maji, linasemwa kwa mtu fulani, na kwa hiyo lina lawama, hamu au msamaha ndani yake.

Kamera haina "ni-" wala "-ku-". Kila inachokionyesha ni "a-" na "-m-": yeye yule, akimtazama yeye huyu. "Ninakukumbuka" inapopita katika lenzi inatoka ikiwa "anamkumbuka", na mara nyingi hata hivyo sivyo, kwa kuwa kukumbuka si tendo la kuonekana. Inatoka ikiwa "ameketi".

Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua jambo hili. Tuseme hadithi imewekwa Mnazi, wilayani Lushoto, kwenye tambarare za mkonge chini ya Usambara, na msimulizi wake ni mwanamke anayemwambia moyoni dada yake aliyepotelea mjini: "Nilisikia honi ya basi nikajua umerudi. Sikutoka. Nilihesabu miaka uliyokaa Tanga bila kuniandikia." Mwandishi wa skripti ana njia tatu zilizo karibu. Ya kwanza ni kuirekodi sentensi hiyo kama sauti ya msimulizi juu ya picha ya mwanamke ameketi. Ya pili ni kumbuni shoga ambaye mwanamke atamweleza: "Amerudi, lakini siendi kumwona, miaka yote hii hakuniandikia." Ya tatu ni kutafuta kazi ambayo mkono wa mhusika tayari unaifanya, na kuliacha wazo liivuruge kazi hiyo:

```
NJE. SHAMBA LA MKONGE, MNAZI – ASUBUHI

MWANAMKE anahesabu majani kabla ya kufunga tita.

              MWANAMKE
    Ishirini na saba, ishirini na nane...

Honi ya basi, mbali. Mkono unasimama.
Hageuki kutazama barabarani.

              MWANAMKE
    Moja. Mbili.
```

Njia ya kwanza inahifadhi maneno, lakini inageuza picha kuwa pambo. Ya pili inahifadhi habari, lakini inabadilisha mwambiwa. Lawama iliyokuwa siri kati ya dada wawili sasa imetolewa kwa jirani, na mwanamke ambaye katika hadithi hakumwambia mtu yeyote amekuwa mtu anayeeleza mambo yake. Hilo ndilo kosa la kawaida zaidi katika uhawilishaji wa aina hii, na dalili yake ni mhusika mpya ambaye hana kazi nyingine katika filamu isipokuwa kusikiliza. Njia ya tatu haituambii kuhusu Tanga wala barua. Inapoteza habari. Lakini inahifadhi mwelekeo: mtu asiyegeuka kutazama barabarani anaelekea barabarani kwa mwili wake wote, na mtazamaji anajua kwamba kuna "wewe" upande ule.

Swali la mwandishi wa skripti, basi, si "Mhusika anawaza nini?" bali "Wazo lake linaelekea kwa nani, na mwelekeo huo utaonekanaje?"

4. Jambula Tree: hadithi ya "wewe"

Hadithi fupi ya Jambula Tree ilichapishwa mwaka 2006 katika mkusanyo wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo. Mwaka 2007 ilimpatia Monica Arac de Nyeko Tuzo ya Caine, akiwa Mganda wa kwanza kuipata. Jina lake linatokana na mti ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama mzambarau.

Kisa chenyewe ni kifupi. Anyango anaishi katika nyumba za mtaa wa Nakawa, Kampala. Anasikia kutoka kwa jirani yao, Mama Atim, kwamba Sanyu anarudi nyumbani. Walipokuwa wasichana, Anyango na Sanyu walipendana, wakakutwa usiku chini ya mzambarau, na Sanyu akapelekwa London. Sasa miaka imepita. Wakati wa hadithi hakuna linalotendeka ila Anyango kuzungumza moyoni na Sanyu asiyekuwapo.

Mambo matatu katika usimulizi huo ni ya msingi kwa anayetaka kuuhawilisha. La kwanza ni nafsi ya pili. Sanyu ni "wewe" mwanzo hadi mwisho, na neno hilo, kama lilivyo "-ku-" la Kiswahili, halitaji jinsia. Msomaji anaingia katika ukaribu wa wawili hao kabla hajaombwa kuuhukumu. La pili ni wakati. Habari ya kurudi kwa Sanyu inafungua hadithi, hivyo kila kumbukumbu inayofuata inasomwa chini ya mwanga wa matarajio. La tatu ni macho ya mtaa. Mama Atim na wanawake wenzake wamo ndani ya wazo la Anyango, na yeye anawasimulia kwa kejeli. Wao ndio wanaomwangalia, lakini katika ukurasa ni yeye anayewaangalia.

Jambo hilo la tatu lina uzito wake. Katika maandishi, mtu asiye na nguvu mtaani anakuwa na nguvu ya kusimulia. Mama Atim anaweza kumwaibisha Anyango mbele ya watu, lakini hawezi kuingia katika sentensi ya Anyango bila ruhusa yake. Kuihamishia hadithi hii kwenye skrini ni kumnyang'anya Anyango sentensi hiyo.

5. Rafiki: skripti iliyogeuza mpangilio

Filamu ya Rafiki iliongozwa na Wanuri Kahiu, ambaye aliandika skripti yake pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Ina urefu wa dakika 83. Mahali pamehamishwa kutoka Kampala hadi Nairobi, Anyango amekuwa Kena na Sanyu amekuwa Ziki, na wahusika wanazungumza kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Mabadiliko hayo yanaonekana haraka. Mabadiliko makubwa zaidi yamo katika jinsi mambo matatu yaliyotajwa hapo juu yalivyoshughulikiwa.

Kwanza, wakati. Skripti haianzi na habari ya kurudi. Inaanza na wasichana wawili kabla hawajajuana, na inaisogeza habari ya kurudi hadi mwisho kabisa. Njia nyepesi ingekuwa kumweka mwanamke mzima barazani, kumpa sauti, na kuyaleta yote yaliyopita kwa mbinu rejeshi. Waandishi hawakuifuata. Kumbukumbu ya Anyango imeondolewa katika hali ya kukumbukwa na kufanywa sasa ya wahusika. Faida yake ni kwamba "wewe" aliyekuwa mbali anakuwapo mbele ya kamera, anacheka, anajibu. Hasara yake ni hekima ya miaka: Anyango anayesimulia ameshajua gharama ya kilichotokea, ilhali Kena hajui. Mtazamaji hapati hukumu ya mwanamke mzima juu ya ujana wake.

Pili, nafsi ya pili. Mahali pa "-ku-" skripti imeweka kutazama. Kabla Kena na Ziki hawajazungumza wanaangaliana, na filamu inajengwa juu ya swali la nani anamwangalia nani na nani anawaona wakiangaliana. Kisha inawatafutia pahali pasipo na macho mengine. Katika hadithi pahali hapo ni chini ya mti. Katika filamu ni gari bovu lililotelekezwa, ambalo ndani yake wasichana wanajipatia faragha ambayo mtaa hauitoi. Gari hilo linafanya kazi ambayo katika maandishi ilifanywa na wazo lenyewe: ni chumba cha ndani, kilichojengwa kwa bati na kioo. Wanapokutwa humo na kuburutwa nje, mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba moyo umevunjwa mlango.

Tatu, macho ya mtaa. Mama Atim amebakia na jina lake, lakini amepewa kibanda cha chakula ambako watu hukaa, hula na husengenya. Kejeli ya Anyango juu yake haipo tena, kwa kuwa hakuna sauti ya kuibeba. Badala yake skripti imeongeza tukio ambalo halimo katika hadithi: baba wa Kena na baba wa Ziki wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi. Nyongeza hii imewashangaza baadhi ya watazamaji kama siasa isiyo na lazima. Kiuandishi ina kazi mahususi. Wazo la ndani la Anyango lilikuwa na hofu isiyo na umbo: watu watasema nini? Uchaguzi unaipa hofu hiyo hesabu na tarehe. Kila mtu anayewaona mabinti hao pamoja ni kura, na kila kura ina mdomo. Kilichokuwa mashaka moyoni kimekuwa gharama inayopimika katika maisha ya watu wengine, na hivyo kinaweza kuonyeshwa bila mtu kusema "ninaogopa".

Filamu haikufaulu kila mahali kwa kiwango kilekile. Pale wasichana wanapolazimika kutamka ndoto zao na ahadi yao ya kutofanana na watu wanaowazunguka, maneno yanabeba mzigo ambao katika hadithi uligawanywa katika kumbukumbu nyingi ndogo, na yanasikika kama tamko. Kinyume chake ni tukio ambalo Kena anaketi kando ya kijana anayedhihakiwa mtaani kwa sababu hiyo hiyo, na wote wawili hawasemi kitu. Hakuna sentensi ya Jambula Tree inayolingana moja kwa moja na tukio hilo. Hata hivyo ndilo lililo karibu zaidi na usimulizi wake, kwa sababu lina watu wawili wanaoelekeana bila mtu wa tatu wa kuwafafanua.

Jina la filamu nalo ni uhawilishaji. Kahiu ameeleza kwamba neno "rafiki" ndilo linalotumika mtu anapolazimika kumtambulisha mpenzi ambaye hawezi kumwita mpenzi. Neno linalosemwa linakaa juu ya neno linalowazwa. Waandishi wa skripti wa kila lugha hutafuta mazungumzo ya namna hiyo, ambamo maana iko chini ya maneno. Hapa Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshayatoa, katika neno la kila siku lisilotaja jinsia.

6. Wazo linapokuwa ushahidi

Filamu iliteuliwa katika orodha rasmi ya Tamasha la Filamu la Cannes la Mei 2018, ikiwa filamu ya kwanza ndefu ya Kenya kupata nafasi hiyo. Mwezi uliotangulia, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku nchini kwa madai kwamba ilikusudia kuendeleza mapenzi ya jinsia moja. Kahiu alieleza hadharani kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho, kwa kuwa ulionekana kuwa wa matumaini mno na hauonyeshi majuto. Alikataa. Septemba 2018 Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na filamu ikaonyeshwa Nairobi mbele ya watazamaji wengi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliiacha marufuku iendelee.

Mzozo huo kwa kawaida huelezwa kama suala la sheria na maadili. Kwa historia ya uhawilishaji una maana nyingine pia, na inaanzia kwenye mwisho wenyewe. Kena, sasa akiwa daktari, anapata habari kwamba Ziki amerudi. Anakwenda juu mahali palipo wazi. Mkono unagusa bega lake. Filamu inakwisha hapo, na uso wa aliyemgusa hauonyeshwi.

Mwisho huo ni mwanzo wa Jambula Tree uliogeuzwa. Katika hadithi, habari ya kurudi inafungua mlango wa kumbukumbu, na msomaji anaachwa na mwanamke anayengoja. Hajuti, lakini kutojuta kwake ni wazo, na wazo liko ukurasani kati yake na msomaji. Hadithi hiyo ilichapishwa, ikapewa tuzo, ikasomwa, na hakuna bodi iliyodai sentensi yake ya mwisho ibadilishwe. Filamu ililazimika kulifanya wazo hilo lionekane. Kutojuta kukawa mkono juu ya bega. Mkono unaonekana na watu wote waliomo ukumbini kwa mara moja, na kitu kinachoonekana na umma kinaweza kuletwa mbele ya bodi.

Inafaa kuyatazama madai ya majuto kwa jicho la mwandishi wa skripti. Majuto ni hali ya moyoni. Kudai yaonyeshwe ni kudai uhawilishaji: hali ya ndani itafutiwe tendo, sura au neno ambalo mtazamaji atalisoma bila kukosea. Kwa maneno mengine, ni kumtaka mfafanuzi wa Vugiri arudi kando ya picha, atamke lipi ni la busara na lipi ni la upumbavu, na asimwachie mhusika kukaa kimya. Mwisho uliobakia unafanya kinyume. Unatoa tendo dogo kabisa linaloweza kubeba "-ku-", na unaficha uso ambao ungemlazimisha mtazamaji kusoma hisia iliyokamilika. Mguso una anayegusa na anayeguswa, kama vile "ninakukumbuka" ilivyo na wawili.

7. Hitimisho

Kutoka Vugiri hadi Nairobi, tatizo la mawazo ya ndani limejibiwa kwa namna mbili zilizo tofauti kwa asili. Namna ya kwanza humpa mtu wa tatu kazi ya kuusema moyo wa mhusika, awe mfafanuzi katika sahani ya santuri, msimulizi wa banda la video, au shoga aliyebuniwa ili asikilize. Namna ya pili huuliza wazo linaelekea kwa nani, kisha hutafuta mwelekeo huo katika mwili, mahali na gharama. Jaribio la kuzitenganisha ni jepesi, na benki ya akiba ya Vugiri ilishalipita bila kujua: sauti ikizimwa, je, bado tunajua mhusika ameelekea wapi?

Rafiki inaonyesha pia kwamba namna ya pili ina bei yake. Msimulizi wa Jambula Tree alikuwa na ulinzi ambao ni maandishi tu yanayoweza kuutoa: alisema yote, na hakuna aliyemwona akisema. Kena hakupewa ulinzi huo. Mwandishi anayemtoa mhusika wa namna hiyo barazani na kumweka mbele ya kamera anamtoa mahali ambapo wazo ni mali ya mwenye nalo, na kumpeleka mahali ambapo kila mwenye macho ana haki ya kutoa hukumu.